Siku ya Kwanza Mahakamani: Kujibu Shtaka na Maamuzi ya Hakimu

Utangulizi wa somo

Katika masomo yaliyotangulia tumeeleza namna ya kusajili laini ya simu kwa alama za vidole na kitambulisho cha Taifa, na wajibu wa mtumiaji kutoa taarifa pale laini inapobadili mikono. Somo hili linahusu mtumiaji aliyekwisha kufikishwa mahakamani kwa sababu ya laini ya simu. Linaeleza siku moja tu, ile ya kwanza, ambapo mshtakiwa husomewa shtaka na kutakiwa kujibu.

Tumechagua siku hiyo kwa sababu watu wengi huiona kuwa ni ya kuandikwa majina tu, na kwamba mambo yenyewe yatakuja baadaye. Sivyo. Mtu akikiri kosa siku hiyo, hakimu anaweza kumtia hatiani na kumpa adhabu kabla ya saa sita mchana, pasipo shahidi hata mmoja kuitwa. Akikana, hakimu ataamua kama mtu huyo arudi nyumbani au aende mahabusu, na lini arejee. Yote hayo yanategemea jibu linaloweza kuwa na maneno mawili tu.

Mfano tutakaoufuata

Ili somo lieleweke, tutafuata mfano mmoja tuliouunda kwa ajili ya kufundishia. Kijana mmoja wa Munanila, katika nyanda za juu za Kigoma, anauza maharage na mahindi. Kaka yake alipohamia Kasulu alimwachia laini ya simu, kwa kuwa wateja walikwisha kuizoea namba ile. Laini ilisajiliwa kwa jina la kaka, na kijana akaendelea kupokea oda na malipo kwa namba hiyo. Siku moja polisi, wakifuatilia jambo jingine, waligundua kwamba anayetumia laini siye aliyesajiliwa. Kijana alihojiwa, akaandikwa maelezo, kisha akafikishwa Mahakama ya Wilaya akishtakiwa kwa kutumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine bila kutoa taarifa kwa mtoa huduma.

Lipo jambo moja ambalo kijana huyu analijua, nalo halimo katika maelezo ya polisi. Kabla ya kuondoka, kaka yake alikwenda kwa wakala wa kampuni ya simu akaeleza kwamba laini inabaki kwa mdogo wake. Wakala akaandika majina yao kwenye daftari, akawaambia kuwa mambo yamekwisha.

Ndani ya chumba cha mahakama

Karani huita namba ya shauri na jina la mshtakiwa. Mshtakiwa husimama kizimbani. Mbele yake yupo hakimu, na chini ya meza ya hakimu yupo mwendesha mashtaka, ambaye ndiye anayeiwakilisha Jamhuri. Mshtakiwa akiwa na wakili, wakili hujitambulisha. Asipokuwa naye, shauri huendelea, ila sheria inampa mshtakiwa haki ya kuomba muda wa kumtafuta wakili. Chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, hakimu akiona kwamba haki inadai mshtakiwa asiye na uwezo apatiwe wakili, anaweza kuagiza hivyo. Ombi hilo linaweza kutolewa siku hii hii, kabla ya kujibu shtaka.

Ndipo hati ya mashtaka husomwa. Hati hiyo ina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza hutaja kosa na kifungu cha sheria kilichovunjwa. Sehemu ya pili hueleza maelezo ya kosa: nani, lini, wapi na alifanya nini. Mshtakiwa aisikilize zaidi sehemu ya pili, kwa kuwa humo ndimo yalimo mambo ambayo Jamhuri italazimika kuyathibitisha.

Katika mfano wetu, maelezo hayo yana mambo matatu. La kwanza, laini ilisajiliwa kwa jina la mtu mwingine. La pili, mshtakiwa ndiye aliyekuwa akiitumia. La tatu, alifanya hivyo bila taarifa kutolewa kwa mtoa huduma. Likikosekana lolote kati ya hayo matatu, kosa kama lilivyoandikwa halikamiliki. Kijana wetu hana ubishi juu ya mambo mawili ya kwanza. Ubishi wake uko kwenye la tatu.

Shtaka lisomwe kwa lugha ambayo mshtakiwa anaielewa. Kiswahili ndicho lugha ya mahakama zetu tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2021, lakini si kila mkazi wa vijiji vya Kigoma anakielewa Kiswahili cha hati za kisheria. Mtu anayefikiri na kusema kwa Kiha, hasa mzee, anaweza kuelewa neno moja moja na asielewe maana yake yote. Huyo aseme mapema kwamba anahitaji mkalimani. Kuomba mkalimani si aibu wala si kuidharau mahakama, na hakimu makini hufurahi kuombwa kuliko kuandika jibu ambalo kesho litakataliwa na mahakama ya juu.

Ipo hatari nyingine ndogo inayotokana na adabu zetu wenyewe. Mtu aliyelelewa kuheshimu wakubwa huitikia kila anachoambiwa: "Ndiyo mheshimiwa." Kwake maana yake ni kwamba amesikia. Mahakamani neno hilo linaweza kuandikwa kuwa amekubali. Kama umesikia tu, sema, "Nimesikia, mheshimiwa, nasubiri kuulizwa."

Swali lenyewe na majibu yake

Baada ya kusoma, hakimu huuliza kama shtaka ni kweli au si kweli. Jibu la mshtakiwa huandikwa kwenye jalada, na sheria inataka liandikwe kwa kadiri inavyowezekana kwa maneno yaleyale aliyoyatumia. Majibu ni ya namna nne.

Namna ya kwanza ni kukana. Mshtakiwa husema, "Si kweli." Hapo hakimu huandika kwamba amekana, na mzigo wote wa kuthibitisha hubaki kwa Jamhuri. Wapo wanaoogopa kukana kwa kuona kwamba ni kusema uongo mbele ya hakimu, hasa kama walikwisha kukubali baadhi ya mambo kituo cha polisi. Hofu hiyo haina msingi. Kukana shtaka maana yake ni kuitaka Jamhuri ilete ushahidi wake. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla hatia haijathibitika. Nayo maelezo ya polisi ni jambo jingine kabisa na jibu la mahakamani. Mahakama haimfungi mtu kujibu vile alivyojibu kituoni.

Namna ya pili ni kukiri. Mshtakiwa husema, "Ni kweli," naye anamaanisha kwamba alifanya yote yaliyosomwa. Tutalirudia jibu hili, kwa kuwa ndilo lenye matokeo makubwa zaidi.

Namna ya tatu ni kunyamaza au kukataa kujibu. Hapo sheria inamwelekeza hakimu aandike kwamba mshtakiwa amekana. Ukimya peke yake haugeuzwi kuwa kukiri.

Namna ya nne ndiyo inayowaponza wengi: kukubali kwa sehemu. Kijana wetu anaulizwa, naye anajibu: "Ni kweli laini ni ya kaka na mimi ndiye ninayeitumia, lakini taarifa tulitoa kwa wakala." Jibu hilo linaanza kwa "ni kweli," na mtu asiyesikiliza vizuri angeweza kuishia hapo. Kilichokuja baada ya "lakini" ndicho chenye uzito, kwa sababu kinakataa jambo la tatu katika yale matatu. Kwa hiyo jibu zima ni kukana, na hakimu anapaswa kuandika hivyo.

Kwa nini "ni kweli" peke yake haitoshi

Mahakama za Afrika Mashariki zimelishughulikia jambo hili kwa miaka mingi. Mwaka 1942, katika shauri la Yonasani Egalu na wenzake lililotoka Uganda, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilieleza kwamba pale mtu anapoelekea kutiwa hatiani kwa kukiri kwake, inafaa kila sehemu ya kosa ielezwe kwake, naye aikubali au aikane kila moja. Mwaka 1973, katika shauri la Adan dhidi ya Jamhuri lililotoka Kenya, mahakama hiyo ilipanga hatua ambazo hakimu anapaswa kuzifuata. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilizikubali hatua hizo, kama ilivyoonekana katika shauri la Khalid Athumani dhidi ya Jamhuri la mwaka 2006. Inafaa mtumiaji azijue, ili atambue ikiwa mojawapo imerukwa.

Kwanza, shtaka na sehemu zake zote hufafanuliwa kwa mshtakiwa kwa lugha anayoielewa. Pili, jibu lake huandikwa kwa maneno yake. Tatu, akiwa amekiri, mwendesha mashtaka hueleza ukweli wa tukio kwa ukamilifu: siku, mahali, namba ya laini, jina la aliyesajiliwa, jinsi mshtakiwa alivyokamatwa. Nne, hakimu humuuliza mshtakiwa kama maelezo hayo ni sahihi, kama ana la kupinga, kufafanua au kuongeza. Tano, akipinga, au akiongeza jambo linaloonyesha kwamba huenda hana hatia, hakimu hulibadili jibu lake liwe kukana na shauri huenda kwenye ushahidi. Asipopinga, ndipo hutiwa hatiani. Mwisho, husikilizwa kuhusu adhabu.

Hatua ya nne ndiyo mlango wa mwisho. Tuseme kijana wetu aliogopa, na aliposomewa shtaka akasema tu, "Ni kweli." Bado hajamaliza. Mwendesha mashtaka atasoma maelezo, na ndani yake yatakuwemo maneno kwamba laini ilitumika bila taarifa yoyote kutolewa kwa mtoa huduma. Hakimu atauliza kama ndivyo. Hapo kijana anaweza na anapaswa kusema, "Maelezo hayo si sahihi. Taarifa ilitolewa kwa wakala, na majina yetu yaliandikwa." Kwa maneno hayo, kukiri kwake kunaanguka. Akinyamaza, au akisema tena "ni kweli yote," mlango unafungwa.

Tuonye pia juu ya ahadi zinazotolewa nje ya chumba cha mahakama. Mara nyingi mshtakiwa huambiwa korido kwamba akikiri atasamehewa, au atalipa faini ndogo aende zake. Anayetoa ahadi hiyo, awe nani, hana uwezo wa kuitimiza, kwa kuwa adhabu hutolewa na hakimu peke yake kwa mujibu wa sheria. Ikiwa umeahidiwa au umetishwa ili ukiri, mweleze hakimu hivyo ukiwa kizimbani, ili yaandikwe.

Aliyekiri bila kuelewa ana njia gani baadaye? Njia ipo, lakini ni nyembamba. Kwa kawaida mtu aliyetiwa hatiani kwa kukiri mwenyewe hukata rufaa dhidi ya adhabu tu, si dhidi ya hatia. Katika shauri la Laurence Mpinga dhidi ya Jamhuri la mwaka 1983, Mahakama Kuu ya Tanzania ilitaja mazingira manne ambamo hatia yenyewe inaweza kupingwa: kukiri kulikuwa na utata au hakukukamilika, mtu alikiri kwa kukosea au kutokuelewa, shtaka lenyewe halikuonyesha kosa linalotambuliwa na sheria, au mambo aliyoyakubali yasingeweza kisheria kumtia hatiani kwa kosa hilo. Anayetoka Mahakama ya Wilaya hutoa taarifa ya kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 10, na hupeleka rufaa yenyewe Mahakama Kuu ndani ya siku 45. Kwa mkazi wa Munanila hiyo ni Mahakama Kuu iliyoko Kigoma mjini. Ni safari ndefu na gharama kubwa kwa ajili ya sentensi moja ambayo ingeweza kusemwa bure siku ya kwanza.

Maamuzi ya hakimu mshtakiwa akikana

Turudi kwa kijana wetu. Amesema "lakini," hakimu ameandika kwamba amekana. Siku hiyo hakimu hataamua kama ana hatia. Hatampima wakala, wala hatasikiliza kisa chote cha kaka kuhamia Kasulu. Kijana akianza kusimulia, ataambiwa asubiri zamu yake ya utetezi. Asikasirike wala asidhani ananyimwa haki, kwa maana muda wa kusimulia utakuja. Yanayoamuliwa siku hiyo ni mambo mawili: dhamana na tarehe.

Dhamana ni haki ya mshtakiwa kwa makosa mengi, isipokuwa yale ambayo sheria imeyaondoa waziwazi, kama vile mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha na utakatishaji fedha. Hilo la mwisho linawahusu watumiaji wa huduma za fedha kwa simu, kwa kuwa wakati mwingine shtaka la wizi kwa njia ya mtandao huambatana nalo. Katika mfano wetu kosa lina dhamana. Hakimu humuuliza mwendesha mashtaka kama ana pingamizi. Akipinga, atoe sababu, kwa mfano kwamba mshtakiwa anaweza kutoroka au kuvuruga mashahidi. Mshtakiwa hupewa nafasi ya kujibu. Hapa kijana aeleze kwa ufupi mambo ambayo hakimu anayahitaji: kwamba ana makazi ya kudumu Munanila, ana familia na biashara, na wadhamini wake wapo nje ya mlango.

Hakimu akikubali, hutaja masharti. Kwa kawaida hutaka mdhamini mmoja au wawili wenye makazi yanayojulikana, kila mmoja akiwa na kitambulisho na barua ya utambulisho kutoka kwa afisa mtendaji wa kijiji au kata. Pia hutaja kiasi cha fedha ambacho mshtakiwa na mdhamini hutia saini. Anaweza kuongeza masharti mengine, kama vile kukabidhi pasipoti au kutotoka nje ya mkoa bila kibali. Kwa mtu wa Munanila, aliye karibu na mpaka wa Burundi na ambaye huenda huvuka kwa biashara, sharti la kutovuka mpaka ni zito. Kama biashara yake inategemea kuvuka, amweleze hakimu palepale. Asikubali halafu akalivunja.

Ni lazima jambo hili lieleweke vizuri: kiasi kilichotajwa kwenye hati ya dhamana hakilipwi siku hiyo. Tuseme hakimu ametaja shilingi 1,000,000 kwa kila mdhamini. Mdhamini hatoi hata shilingi moja. Anatia saini ahadi kwamba mshtakiwa asipofika mahakamani, yeye ataitwa kujieleza na anaweza kuamriwa alipe kiasi hicho. Yapo mazingira ambapo sheria inadai fedha taslimu au hati ya mali, hasa pale shtaka linapohusu mali yenye thamani inayozidi shilingi 10,000,000, lakini hapo hakimu hutamka hivyo waziwazi mahakamani. Yeyote anayedai "fedha ya dhamana" pembeni, bila amri iliyotamkwa na bila stakabadhi ya Serikali, anakuibia.

Masharti yasipotimizwa siku hiyo, mshtakiwa hupelekwa mahabusu. Hilo halimaanishi kwamba dhamana imekataliwa. Imekubaliwa, ila haijakamilika. Wadhamini wakifika kesho yake na barua zao, waombe shauri liitwe ili mshtakiwa atoke. Ndiyo maana ndugu wanashauriwa kuzitafuta barua za mtendaji kabla ya siku ya mahakama. Anayetoka Munanila asubuhi bila barua atalazimika kurudi kijijini kuifuata, na huenda mahakama ikawa imefungwa atakaporejea. Masharti yakiwa mazito kupita uwezo, mshtakiwa anaweza kumwomba hakimu ayapunguze, na akikataliwa anaweza kuipelekea Mahakama Kuu ombi hilo.

Uamuzi wa pili ni tarehe. Shauri likiahirishwa, mshtakiwa aliyeko mahabusu hawezi kuwekwa kwa ahirisho moja linalozidi siku 15 kamili. Aliye nje kwa dhamana anaweza kupangiwa hadi siku 30. Sikiliza pia shauri linarudi kwa ajili ya nini. Likiwa "linatajwa," mahakama itaangalia tu limefikia wapi. Likiwa kwa "usikilizwaji wa awali," mambo yasiyobishaniwa yataandikwa na kutiwa saini. Hapo kijana wetu atakubali kwamba laini ni ya kaka na kwamba aliitumia, na suala la taarifa litabaki la kuthibitishwa. Likiwa kwa "kusikilizwa," mashahidi wataitwa. Andika tarehe, saa na sababu kabla hujatoka. Asiyefika siku yake hutolewa hati ya kukamatwa, na wadhamini wake huitwa.

Maamuzi ya hakimu mshtakiwa akikiri

Hatua zote zikifuatwa na mshtakiwa akakubali maelezo yote, hakimu humtia hatiani. Mwendesha mashtaka hueleza kama mtu huyo ana rekodi ya makosa ya nyuma. Kisha mshtakiwa huombwa aseme chochote kuhusu adhabu. Wengi husema tu, "Naomba nisamehewe." Ni afadhali kueleza mambo ambayo hakimu anaweza kuyapima: kwamba ni kosa la kwanza, kwamba amekiri mapema na kuiokolea mahakama muda, idadi ya wanaomtegemea, hali ya afya yake, siku alizokwisha kukaa rumande, na kwamba laini haikutumika kumdhuru mtu.

Adhabu inaweza kuwa faini au kifungo, kulingana na kifungu cha sheria. Ikiwa ni faini, hakimu hutaja pia kifungo kitakachotumikiwa asipolipa. Faini hulipwa kwa namba ya malipo ya Serikali, na stakabadhi hubaki kwa aliyelipa. Kwa makosa madogo zipo njia nyingine, kama vile kuachiwa kwa masharti ya kutotenda kosa kwa muda maalumu, au huduma kwa jamii chini ya sheria ya mwaka 2002. Mshtakiwa anaweza kumwomba hakimu azifikirie. Hatasikilizwa vizuri zaidi kwa kulia kuliko kwa kueleza.

Kukiri si jambo baya kwa mtu aliyetenda kweli kosa lote kama lilivyosomwa. Ubaya uko katika kukiri kitu ambacho hukukifanya, au nusu ya kitu, kwa kudhani kwamba utafafanua baadaye.

Ikiwa shtaka ni kubwa zaidi

Kwa mashtaka kama mauaji au uhujumu uchumi, hakimu wa Mahakama ya Wilaya kwa kawaida hana mamlaka ya kuyasikiliza bila kibali maalumu. Atasoma shtaka na kumwambia mshtakiwa asijibu lolote. Mshtakiwa afuate hivyo. Asiseme "ni kweli" wala "si kweli." Siku hiyo hakimu hupanga tarehe tu, huku upelelezi au taratibu za kulipeleka shauri mbele zikiendelea. Kama hati ya mashtaka itabadilishwa baadaye, ile mpya isomwe na mshtakiwa ajibu upya. Jibu la zamani haliihusu hati mpya.

Maandalizi kwa mtumiaji

Kijana wa mfano wetu angejiokoa mapema zaidi kama yeye na kaka yake wangefuatilia badiliko lile hadi likamilike, badala ya kutegemea daftari la wakala. Laini inayobaki kwa mtu mwingine isajiliwe kwa alama zake mwenyewe. Kila mtumiaji anaweza kupiga *106# ili kuona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake cha Taifa, na asizozitambua azikane kwa mtoa huduma.

Kama umekwisha kuitwa mahakamani kwa jambo la laini, nenda na ushahidi wowote wa taarifa uliyotoa: jina la wakala, siku mliyokwenda, ujumbe mfupi uliopokea. Siku ya kwanza hutautoa kama utetezi, lakini utakukumbusha ni jambo lipi katika shtaka si kweli.

Maswali ya kujipima

1. Mshtakiwa amejibu, "Ni kweli, ila laini ile niliikuta imetupwa, sikujua ni ya nani." Je, amekiri au amekana? Taja jambo alilolikataa.

2. Hakimu ametoa dhamana ya mdhamini mmoja kwa ahadi ya shilingi 500,000. Mtu mmoja anamwambia mdhamini akatoe fedha hizo kwa simu. Mdhamini afanye nini?

3. Mwendesha mashtaka amemaliza kusoma maelezo ya tukio, na sentensi moja ndani yake si sahihi. Mshtakiwa alikwisha kusema "ni kweli." Je, amechelewa?

Majibu: (1) Amekana, kwa kuwa anadai hakujua laini ni ya nani wala nani wa kupewa taarifa, hakimu asilichukulie jibu hilo kuwa kukiri. (2) Asitoe chochote; ahadi hutiwa saini tu, na kama hakimu ameamuru fedha zitolewe, itatamkwa mahakamani na stakabadhi itatolewa. (3) Hajachelewa, aitaje sentensi hiyo na aombe pingamizi lake liandikwe kabla hakimu hajamtia hatiani.